Kumbukumbu Moja, Lugha Mbili

Katika vyama vingi vya akiba na mikopo nchini Kenya, kamati hujadiliana kwa Kiswahili na Kiingereza ndani ya kikao kimoja, na mara nyingine ndani ya sentensi moja. Mjumbe anaeleza shida ya wanachama kwa Kiswahili. Mhasibu anamjibu kwa Kiingereza kwa kuwa vitabu vyake vyote vya hesabu vimo katika lugha hiyo. Mwenyekiti anafunga hoja kwa kuchukua kidogo huku na kidogo kule. Baadaye kumbukumbu za kikao hicho zitasomwa na watu wasiofanana: mkaguzi wa hesabu na ofisa wa benki watataka za Kiingereza, wanachama watataka za Kiswahili, na kila upande utaamini kwamba ulichosoma ndicho kilichoamuliwa.

Njia iliyozoeleka ni katibu kuandika kumbukumbu zote kwa Kiingereza, kisha kuzitafsiri pindi mwanachama anapozidai. Njia hii ina kasoro ambayo haionekani haraka. Maneno ya aliyezungumza Kiswahili husafiri mara mbili: kwanza huhamia Kiingereza katika daftari la katibu, kisha hurudi katika Kiswahili cha mfasiri ambaye pengine hakuwapo kikaoni. Yanaporudi huwa yamekonda au yamenenepa, na mwenye hoja anaweza asiitambue hoja yake mwenyewe. Aliyezungumza Kiingereza hana hasara hiyo, kwa kuwa maneno yake yamesafiri mara moja tu, tena kwa wasomaji wa Kiswahili peke yao.

Kumbukumbu za lugha mbili zilizoandikwa sawasawa hazina nakala mama na tafsiri yake. Ni kumbukumbu moja yenye maandishi mawili, yote yakitoka katika daftari lilelile la kikao na yote yakithibitishwa na kamati ileile. Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza karibu kila uamuzi wa katibu, kuanzia ajenda hadi saini.

Mabunge yamekabiliana na jambo hili kwa muda mrefu, na hayakufuata njia moja. Nchini Kanada, Katiba ya mwaka 1867 iliruhusu wabunge kujadili kwa Kiingereza au Kifaransa, lakini ikalazimisha kumbukumbu rasmi ziwekwe katika lugha zote mbili. Taarifa za mijadala huko hutolewa kwa lugha zote mbili, na huonyesha ni wapi msomaji anasoma tafsiri badala ya maneno yaliyotamkwa. Kenya ilichukua mkondo mwingine. Ibara ya 120 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge, na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka mbunge aliyeanza kuzungumza kwa lugha moja aendelee nayo mpaka amalize. Hansadi ya Kenya humchapa mbunge katika lugha aliyoitumia. Anayesoma lugha moja tu hukutana na kurasa asizozielewa.

Kamati ya chama haiwezi kuiga Bunge katika hilo la kuendelea na lugha moja. Mjumbe akikatazwa kuchanganya atanyamaza, na kikao kitapoteza maoni yake kwa ajili ya usafi wa lugha. Jambo la kuiga kutoka mabungeni ni dogo zaidi: maandishi yaonyeshe lugha iliyotumika pale inapohitajika, na ijulikane mapema ni maandishi gani yatakayofuatwa yakigongana.

Swali hilo la mgongano lafaa kujibiwa kabla ya kikao cha kwanza, wakati hakuna anayegombana. Sheria za Kenya zenyewe zina majibu mawili tofauti. Ibara ya 259 inasema kwamba matoleo ya Katiba yakipingana, la Kiingereza ndilo litakalotawala. Kwa sheria za kawaida, Ibara ya 120 inasema litatawala toleo lililotiwa saini na Rais, liwe la lugha yoyote ile. Jibu la tatu liko katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba: maandishi yaliyo rasmi kwa lugha mbili huchukuliwa kuwa na maana moja, na yakionekana kutofautiana, na kanuni za kawaida za ufafanuzi zisipoiondoa tofauti hiyo, hutafutwa maana inayoyapatanisha vizuri zaidi kwa kuangalia lengo la mkataba.

Kwa chama kidogo, jibu la Vienna ndilo bora kama hatua ya kwanza, kwa sababu halimpi mjumbe yeyote nafasi ya kuringa na lugha yake. Likishindikana, itumike lugha ambayo azimio lilisomwa nayo kabla ya kura, kwa kuwa hayo ndiyo maneno ambayo wajumbe waliinua mikono kuyakubali. Kamati nyingi huandika tu kwamba Kiingereza kitatawala, kisha zikasahau. Kanuni ya namna hiyo ni halali, ila ina athari zake: katibu akishajua kwamba upande mmoja ndio wenye nguvu, upande wa pili huandikwa kwa haraka na kwa uvivu.

Maandalizi mengine ni ya kawaida. Ajenda hutolewa kwa lugha zote mbili, kila kipengele kikiwa na nambari ileile pande zote. Vichwa vya kudumu huwekwa katika kiolezo kimoja ili visibadilike kila mwezi: waliohudhuria, waliotuma udhuru, wasiohudhuria bila udhuru, waalikwa, kuthibitishwa kwa kumbukumbu zilizopita, yatokanayo, mambo mapya, mengineyo, kufunga kikao. Majina ya vyeo nayo huamuliwa mara moja. Leo akiitwa mweka hazina, kesho mhazini, na keshokutwa mtunza fedha, msomaji wa nje anaweza kudhani chama kina maofisa watatu.

Kilicho kizito zaidi katika maandalizi ni orodha fupi ya vitenzi vya uamuzi. Kamati inaweza kuarifiwa jambo, kuzingatia jambo, kupendekeza, kuagiza au kuazimia. Hayo ni madaraja matano, na kila moja lina matokeo yake. Jambo ambalo kamati ilizingatia halimlazimishi mtu kufanya lolote. Jambo ambalo kamati iliagiza lina mtu wa kulifanya na tarehe ya kulimaliza. Jambo lililoazimiwa linamfunga hata mjumbe aliyepiga kura ya kulipinga. Katibu huchagua kitenzi kimoja cha Kiingereza kwa kila daraja, akakioanisha na kimoja cha Kiswahili, na jozi hizo hazibadilishwi kwa ajili ya kupamba maandishi. Shuleni watu hufundishwa kuepuka kurudia neno moja. Katika kumbukumbu, kurudia ndiko kunakomlinda msomaji.

Orodha hiyo inahitajika kwa sababu ya tabia moja ya Kiswahili. Mjumbe anaposema “mweka hazina apeleke taarifa benki,” umbo hilo la kitenzi laweza kuwa ombi, ushauri, pendekezo au amri. Kikaoni sauti na uso wa msemaji hueleza ni lipi. Kwenye karatasi hakuna sauti, na anayeandika upande wa Kiingereza analazimika kuchagua neno lenye nguvu fulani. Akichagua peke yake jioni ofisini, amefanya uamuzi ambao ulikuwa wa kamati. Dawa yake ni kutanguliza kitenzi cha daraja hata katika Kiswahili: “kamati ilimwagiza mweka hazina apeleke taarifa benki,” au “kamati ilipendekeza mweka hazina apeleke taarifa benki.” Ikiwa katibu hajui aandike lipi, huo ni ushahidi kwamba kikao hakikuamua, na mahali pa kuuliza ni palepale kikaoni.

Daftari la kikao huandikwa kwa lugha inayosemwa wakati huo. Katibu anayejaribu kutafsiri huku akisikiliza hupoteza nusu ya kinachofuata. Alama ndogo pembeni, K kwa Kiswahili na I kwa Kiingereza, hutosha kukumbusha hoja ilitoka kwa lugha gani. Haina haja kuwekwa kila sentensi, maana watu huvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine bila wao wenyewe kujua. Inahitajika katika sehemu tatu tu: hoja inapotolewa, hoja inaporekebishwa, na mwenyekiti anapotangaza uamuzi. Maneno ya sehemu hizo tatu hunakiliwa jinsi yalivyotamkwa. Mengine yote hufupishwa, kwa sababu kumbukumbu za kamati si Hansadi. Kazi yake ni kuonyesha nini kiliamuliwa, kwa sababu gani, nani atatekeleza na lini.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha kinachotokea. Kamati ya chama fulani inajadili mkopo wa dharura. Mjumbe mmoja anasema kwa Kiswahili kwamba mwanachama aliyefiwa au kulazwa hospitalini hawezi kungoja, hivyo mkopo utolewe ndani ya siku mbili na usizidi elfu hamsini. Mhasibu anakubali, lakini kwa Kiingereza anaongeza kwamba ofisi itahitaji siku mbili za kazi tangu fomu ilipokamilika. Wajumbe wawili wanaendelea kwa Kiswahili kuhusu riba, jambo ambalo linaahirishwa. Mwenyekiti anafunga: “Basi tumekubaliana, siku mbili, elfu hamsini.” Mikono inainuliwa, hakuna anayepinga.

Katibu akiandika kila upande kutokana na maneno ya lugha ya upande huo, atapata maandishi mawili yasiyokubaliana, na yote mawili yatakuwa ya kweli. Upande wa Kiswahili utasema mkopo utolewe ndani ya siku mbili. Upande wa Kiingereza utasema ndani ya siku mbili za kazi tangu fomu ilipokamilika. Mwanachama anayewasilisha fomu Ijumaa asubuhi, akisoma upande wake, atatarajia fedha ifikapo Jumapili. Karani anayesoma upande wa pili ataanza kuhesabu Jumatatu na kutoa fedha Jumanne. Hakuna aliyedanganya, na wala si kosa la tafsiri. Kamati ilipiga kura juu ya hoja mbili ikidhani ni moja.

Hitilafu hii hainaswi kwa kutafsiri vizuri zaidi baada ya kikao. Hunaswa kabla ya kura, kwa hatua ambayo huchukua dakika chache: katibu anamwomba mwenyekiti nafasi, anaandika azimio kwa lugha zote mbili, kisha anayasoma yote mawili kwa sauti. Katika mfano huu, akisoma Kiswahili kuna atakayesema kwamba mhasibu alitaja siku za kazi. Akisoma Kiingereza kuna atakayeuliza fomu hukamilika lini: inapofikishwa ofisini, au inapotiwa saini na wadhamini? Hakuna aliyelifikiria hilo wakati wa mjadala. Limejitokeza kwa sababu sentensi ya pili ilidai jibu ambalo ya kwanza iliweza kulikwepa. Mara nyingi lugha ya pili humsaidia katibu kwa njia hii. Huikagua ya kwanza kabla hata msomaji hajaiona.

Baada ya marekebisho, azimio linaweza kusomeka hivi: “Kumbukumbu 5.2. Kamati iliazimia kwamba mkopo wa dharura usiozidi shilingi 50,000 utolewe ndani ya siku 2 za kazi, kuanzia siku ya kazi inayofuata ile ambayo ofisi ilipokea fomu iliyojazwa na kutiwa saini na wadhamini. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi. Suala la riba liliahirishwa hadi kikao kijacho.” Upande wa Kiingereza, chini ya nambari hiyohiyo 5.2, unapaswa kubeba mambo yaleyale: kiwango cha juu, muda, mwanzo wa kuhesabu, masharti ya fomu, siku zisizohesabiwa, na kilichoahirishwa. Sentensi hazilazimiki kufanana kwa mpangilio wala kwa idadi. Kiswahili kinaweza kuhitaji sentensi tatu mahali ambapo Kiingereza kimejitosheleza kwa mbili. Kulinganisha mambo yaliyomo ni bora kuliko kulinganisha maneno, na anayelazimisha maneno yalingane huishia na Kiswahili kinachonuka Kiingereza, ambacho mwanachama anakisoma mara mbili na bado hakielewi.

Idadi katika maazimio huandikwa kwa tarakimu pande zote mbili, hata kama mjumbe alisema elfu hamsini au laki moja. Neno laki lina thamani isiyotiliwa shaka kwa msemaji wa Kiswahili, lakini Kiingereza cha kawaida hakina neno moja la kiasi hicho, na sifuri hupotea au kuongezeka hapo hasa. Tarakimu zinapofanana, mkaguzi anaweza kulinganisha pande zote mbili hata kama anajua lugha moja.

Mtego wa saa unajulikana na kila Mswahili, na bado hunasa watu. Saa tatu asubuhi huandikwa 9:00 upande wa Kiingereza, na katibu aliyechoka anaweza kuandika 3:00. Kosa hilo huonekana upesi, kwa kuwa hakuna kamati inayokutana alfajiri hiyo. Lililo baya zaidi ni la siku. Kwa hesabu ya Kiswahili cha asili, siku mpya huanza jua linapozama, na watu wengi bado husema usiku wa Jumapili wakimaanisha usiku unaotangulia mchana wa Jumapili. Mlinzi akiripoti kwamba ofisi ilivunjwa usiku huo, upande wa Kiingereza unaweza kusogeza tukio kwa siku nzima, na kampuni ya bima ikakataa madai kwa sababu tarehe hazilingani na taarifa ya polisi. Kauli inayofaa ni “usiku wa kuamkia Jumapili,” ikifuatiwa na tarehe, na saa kwa mfumo wa saa 24.

Kura nazo zina hatari yake. Kauli kama “wajumbe wote hawakukubali” yaweza kueleweka kwamba hakuna hata mmoja aliyekubali, au kwamba baadhi tu ndio waliokubali. Katibu anayeandika Kiingereza atachagua mojawapo na kuendelea, bila kujua kwamba amechagua. Ni salama zaidi kuacha maelezo na kuandika hesabu: waliounga mkono 6, waliopinga 2, ambaye hakupiga kura 1. Kiingereza hakijasalimika pia. Kina neno la vipindi ambalo kwa wengine ni mara mbili kwa mwezi na kwa wengine ni mara moja kila miezi miwili, na taarifa ya fedha ikiagizwa kwa neno hilo, kila mtu ataisubiri kwa kalenda yake. Pande zote ziandike tarehe au idadi ya mara.

Jambo jingine dogo ni kwamba Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi, ilhali Kiingereza hubagua. Katibu asiyemfahamu mwanachama anayetajwa hatakiwi kubahatisha. Arudie cheo au nambari ya uanachama, hata kama sentensi itakuwa nzito.

Kuna nyakati ambapo maneno yenyewe yanahitajika. Mjumbe anaweza kudai pingamizi lake liingizwe kama alivyolisema, au mtu anayetuhumiwa anajitetea mbele ya kamati. Hapo kufupisha hakufai. Maneno yake huwekwa ndani ya alama za kunukuu kwa lugha aliyoitumia, katika maandishi yote mawili, na kwenye lugha ya pili hufuatwa na tafsiri iliyotajwa waziwazi kuwa ni ya katibu. Msomaji wa Kiingereza ataona Kiswahili asichokijua katikati ya ukurasa wake, na hilo si kasoro. Linamwambia kwamba kilichosemwa ni hicho, na kilicho chini yake ni jitihada ya kukieleza. Ikiwa msemaji alichanganya lugha mbili, mchanganyiko wake hunukuliwa vivyo hivyo bila kusafishwa.

Kuhusu mpangilio wa kurasa, kuna njia mbili. Safu mbili zinazokabiliana hurahisisha kulinganisha, na mkaguzi huzipenda. Ubaya wake ni kwamba kila safu huwa nyembamba, majedwali hayaingii vizuri, na ukiongeza sentensi upande mmoja upande wa pili unaacha pengo. Njia ya pili ni kuweka maandishi ya lugha moja yote kwanza, kisha ya pili, ndani ya hati moja yenye mfululizo mmoja wa nambari za kurasa. Kwa kamati nyingi hii ndiyo inayofaa, mradi nambari za kumbukumbu zifanane kabisa. Kisichofaa ni faili mbili zilizohifadhiwa mahali pawili, kwa kuwa moja itasahihishwa na nyingine isahaulike. Viambatisho, kama taarifa ya fedha au barua ya mwanasheria, havilazimiki kutafsiriwa. Kumbukumbu zitaje tu kiambatisho kimeandikwa kwa lugha gani, na mambo yaliyotegemewa katika uamuzi yaelezwe kwa kifupi pande zote.

Uhakiki unafanywa vizuri na watu wawili, mmoja wao akiwa hakuandika. Wa kwanza anasoma upande wa Kiswahili kwa sauti, kipengele baada ya kipengele. Wa pili anafuata kwa macho upande wa Kiingereza, akiwa na kalamu, na kuzungushia duara vitu vinne: majina, tarakimu, tarehe na vitenzi vya uamuzi. Kila duara liwe na mwenzake upande wa pili. Lisipokuwa nalo, wanarudi kwenye daftari la kikao, wala hawarekebishi upande mmoja ufanane na mwingine, kwa sababu hawajui bado ni upi uliokosea. Kwa maazimio peke yake inafaa kwenda mbali zaidi kidogo: mtu ambaye hajaona Kiswahili anaombwa atoe maana ya Kiingereza kwa maneno yake ya Kiswahili, kisha matokeo yanalinganishwa. Kulifanyia hivyo andiko lote ni kazi kubwa isiyo na faida inayolingana nayo.

Kikao kinachofuata huthibitisha maandishi yote mawili kwa pamoja. Katika vyama vingi mwenyekiti huuliza kama kumbukumbu ni sahihi, mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, na saini inawekwa kwenye ukurasa wa mwisho wa Kiingereza. Ukurasa wa Kiswahili hubaki bila saini, na kuanzia hapo huo ni tafsiri tu, hata kama ulikusudiwa kuwa zaidi. Kwa hiyo taarifa ya kuthibitisha itaje lugha zote mbili, na mwenyekiti na katibu watie saini mwishoni mwa kila andiko, pamoja na vifupisho vya majina yao kwenye kila ukurasa.

Masahihisho yanayotolewa siku hiyo yanahitaji kutofautishwa. Ikiwa pande zote mbili zinasema mkopo ni 50,000 na kamati inakumbuka 40,000, kosa ni la kumbukumbu na husahihishwa pande zote. Ikiwa Kiswahili kinasema 50,000 na Kiingereza 5,000, upande mmoja ulikuwa sahihi tangu mwanzo, na kinachosahihishwa ni ule mwingine peke yake. Kumbukumbu mpya ziseme ni kosa la aina gani. Msomaji wa miaka mitatu baadaye, pengine akiwa wakili, atataka kujua kama uamuzi ulibadilika au uandishi tu ndio uliorekebishwa.

Dondoo ni mahali ambapo kazi yote hii hupimwa. Benki inapoombwa kubadilisha watia saini wa akaunti, kwa kawaida haisomi kumbukumbu nzima. Inataka azimio husika kwenye karatasi moja, limethibitishwa na maofisa wa chama. Dondoo hilo huchukuliwa upande wa Kiingereza na kuondoka peke yake, bila mjadala uliolizunguka. Kwa sababu hiyo azimio lijitosheleze katika kila lugha: lisitegemee maneno kama “iliyotajwa hapo juu,” wala kuacha jina la mtu katika upande mmoja kwa kuwa limetajwa katika ule mwingine. Nambari ya kumbukumbu iwemo, ili mwanachama anayetaka kujua benki iliambiwa nini aweze kufungua upande wake wa Kiswahili na kulikuta.

Si kila kikao kinastahili kazi yote hii. Mkutano mkuu wa mwaka wenye wazungumzaji wengi unaweza kuandikwa kwa muhtasari wa mjadala katika lugha moja, na maazimio pekee yakawekwa kwa lugha mbili, ikiwa wanachama wamekubaliana hivyo na kumbukumbu zenyewe zimesema hivyo. Kamati ndogo isiyo na katibu anayemudu lugha zote mbili inaweza kuwapa wajumbe wawili kazi hiyo, kila mmoja akaandika upande wake kutokana na daftari moja, kisha wakakaa pamoja kulinganisha. Na kama muda ni mchache mno, maazimio manne yaliyosomwa kwa lugha zote mbili kabla ya kura siku ileile yana thamani kuliko kurasa ishirini za tafsiri zinazotolewa miezi mitatu baadaye.